Arobaini Ipi?

Kazini walimbandika jina la Mama Ipi, na jina likamganda. Ukimwambia nyumba iko kumi kutoka barabarani, atakuuliza: kumi ipi? Hatua, futi au mita? Ukimwandikia tarehe tano ya nne kwa tarakimu tupu, atakurudishia karatasi uandike mwezi kwa herufi. Wenzake wa idara ya upimaji walichoka naye mpaka wakazoea. Mwaka mmoja wenye maduka ya kando ya barabara waliahidiwa fidia ya laki nane, barua ikaja na tarakimu bila jina la sarafu. Mwenye bucha akachinja ng'ombe, akaalika mtaa mzima, akidhani ni fedha ya nje. Mama Ipi peke yake ndiye aliyekuwa ameuliza, "Laki nane zipi?" Wakamcheka. Baadaye aliyelia ni mwenye bucha.

Sasa basi, barabara ile ile iliyoleta fidia ilitakiwa kupanuliwa, na ikawa lazima ipite kwenye makaburi ya zamani nyuma ya stesheni. Tangazo lilitoka mapema. Kila mwenye ndugu yake pale ajaze fomu ya madai, apewe kibali, kaburi lifunguliwe kwa koleo na kwa heshima siku ya Alhamisi au Ijumaa, mabaki yapelekwe makaburi mapya yakiwa na jina lake. Wasiodaiwa wangengoja Jumamosi. Jumamosi ilikuwa siku ya mashine, na wote hao wangewekwa kwenye kaburi moja la pamoja, bila jina wala kibao.

Kazi ya Mama Ipi ilikuwa moja tu: kuchukua orodha iliyochapwa na makao makuu, kupima, na kuchomeka kigingi chenye utepe mwekundu juu ya kila kaburi lililodaiwa. Orodha ilitaja safu, na umbali kutoka kwenye jiwe la kona lililoko mwanzo wa safu. Palipo na kigingi ndipo koleo litakapoingia. Ukikosea kigingi, umempa mtu maiti ya mwenzake akaizike akilia, na mtoto wake mwenyewe anakwenda shimoni na mashine. Hilo lilimnyima raha tangu asubuhi ya Jumatatu.

Siku hiyo, alipofika safu ya tatu, alimkuta mama mmoja wa makamo ya juu ameketi kwenye kigoda karibu na tuta, sindano imechomekwa kwenye kola ya gauni kama walivyo washonaji wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye vigingi?"

"Ndimi."

"Basi kaa hapa kwanza upumzike, wa kwangu hatoroki." Akacheka peke yake, kisha akafuta macho kwa upande wa kanga.

Wa kwake alikuwa mtoto wa miaka minne. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo, kuanzia anapofumbua macho mpaka usingizi umpige ngumi. Alikufa kwa homa tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, miaka thelathini na moja iliyopita, wakati mama yake yuko hospitali ya mbali amepasuliwa tumbo, hajui hili wala lile. Aliyemzika ni baba mdogo. Mama alirudi mwezi wa nane, amekonda kama uzi, na baba mdogo naye alikuwa ameshahamia migodini. Hakurudi tena. Karani wa makaburi akafungua daftari, akavuta tepu mpya kutoka kwenye jiwe la kona, akasimama kwenye tuta na kusema, "Huyu hapa mwanao." Mama Chiriku akaamini. Angefanyaje?

"Baba mdogo aliniandikia barua moja tu," alisema. "Alisema amemwekea bobini mkononi. Bobini ya chuma ya cherehani yangu, kile kigurudumu cha kuviringia uzi. Chiriku alikuwa akiizungusha sakafuni mchana kutwa, nikiitafuta siioni. Nilikuwa namchapa kwa ajili ya hiyo bobini, mwanangu, Mungu anisamehe."

Mama Ipi alivuta tepu. Orodha ilisema: safu ya 3, mita 40. Akapima kutoka kwenye jiwe la kona, na mita ya arobaini ikaangukia katikati ya tuta lile lile. Mama Chiriku akashukuru kwa mikono miwili. Kigingi kikachomekwa.

Lakini Mama Ipi alisita. Tuta lilikuwa refu.

"Mama, huyu alikuwa wa miaka minne?"

"Nimeliona tangu siku ile," akajibu yule mama taratibu. "Nikajiambia udongo umetanuka kwa mvua. Mawe nimeyapanga nusu tu, unayaona? Nusu nyingine sikuwahi kuigusa. Moyo ulikuwa ukikataa, sijui kwa nini."

Ndipo akasimulia habari ya kikombe. Kila mwaka tarehe ya kifo alileta kikombe cha bati chenye maziwa, maana Chiriku alikuwa mlevi wa maziwa. Akikiweka juu ya tuta jioni, asubuhi akirudi hakikuti. Anakikuta kule karibu na mwanzo wa safu, kwenye majani, kimesimama wima, kitupu. Kila mwaka ni pale pale. Mwanzoni alilaumu mbwa. Kisha akalaumu wahuni. Kisha akaacha kulaumu.

"Hatua arobaini na moja," alisema. "Nimezihesabu. Na njiani hamna hata tone lililomwagika."

Mama Ipi hakuwa mtu wa mizimu. Alikuwa mtu wa tepu. Alisema pole, akaandika kwenye daftari lake dogo, akaendelea na kazi. Kaburi lililofuata kwenye orodha lilimtia mashaka zaidi: safu hiyo hiyo ya tatu, wa tarehe ishirini na mbili mwezi wa sita wa mwaka ule ule, mita 190. Safu yenyewe, kutoka jiwe la kona hadi ukuta wa nyuma, ilikuwa mita sabini na nne! Huyo marehemu wa mia na tisini alizikwa wapi, kwenye reli?

Akampigia simu Mhandisi, bosi wake.

"Wamesahau nukta," Mhandisi alisema bila kufikiri. "Ni kumi na tisa nukta sifuri."

"Nukta umeiona wapi, Mhandisi?"

"Mama Ipi, nakuomba. Kwa hisani yako. Alhamisi hiyo hapo."

Akakata. Huyo ndiye Mhandisi. Si mtu mbaya, ila ana haraka kama mwenye kuharisha.

Jumanne asubuhi Mama Ipi alifungua lango pamoja na mlinzi. Kigingi cha Chiriku hakikuwa kwenye tuta. Shimo lake lilikuwepo, dogo na safi, kama jino limeng'olewa. Kigingi chenyewe kilikuwa kimesimama kule mwanzo wa safu kwenye majani, kimezama vizuri, utepe wake umetulia.

"Nani ameingia humu?"

"Dada, nilifunga mimi, na ufunguo nimelala nao mfukoni," mlinzi alijibu. Alikuwa mkali kwa sababu alikuwa na hofu. "Usinitafutie maneno. Humu ndani mimi siingii giza likishaingia, wala silipwi kwa hilo."

"Basi kimetembea? Kigingi kina miguu?"

Mlinzi alitazama pembeni. Vigingi vingine vyote, thelathini na kitu, vilikuwa vimekaa mahali pake.

Mama Ipi alikusudia kukirudisha tu. Lakini mkono wa mpimaji hauwezi kuona kitu kimesimama ukaacha kukipima. Akafunga tepu kwenye jiwe la kona, akaivuta hadi kwenye kigingi, akainama. Mita kumi na mbili na sentimita kumi na tisa. Akaandika. Kisha akang'oa kigingi, akakirudisha kwenye mita arobaini na kukigongomea kwa nyundo kwa hasira, mpaka nusu yake ikaingia ardhini.

"Haya, tembea tena nikuone," alisema, na papo hapo akajutia kauli yake. Mahali palikuwa kimya mno. Hata treni ya saa tatu ilipita kama inanyata.

Jumatano kilikuwa kule kule. Alipima tena: kumi na mbili, kumi na tisa. Si kumi na mbili na nusu, si kumi na tatu kasoro. Mhuni gani huyu anayetembea na tepu? Mbwa gani huyu anayejua sentimita? Jasho lilimtoka kwenye baridi ile ya asubuhi. Aliogopa kweli, na sitaki mtu aseme hakuogopa. Akamwacha mlinzi langoni akinong'ona sala zake, akapanda pikipiki moja kwa moja hadi makao makuu. Hakwenda kwa Mhandisi. Alishuka chini, kwenye chumba cha nyaraka.

Mtunza nyaraka alikuwa bibi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani.

"Unataka daftari la maziko lenyewe? Si mlipewa orodha?"

"Orodha imechapwa na mtu, bibi. Nataka kile alichokitazama."

Daftari lilikuwa zito, linanuka unyevu. Kwenye jalada la ndani kulikuwa na agizo kwa wino wa kijani, mwandiko umelala upande: *Kuanzia 7/1 vipimo vyote viandikwe kwa mita, si futi.*

Hapo ndipo orodha ilipopata mita zake. Aliyechapa alisoma tarehe saba mwezi wa kwanza, akaona kwamba karibu mwaka wote ule ni mita, akajaza herufi ya m kuanzia Januari hadi Desemba. Si mjinga. Kurasa zote za karani zilianza na siku, kisha mwezi: 14/3, 22/6, 28/6. Nani angefikiri jalada linasema lugha nyingine?

Lakini Mama Ipi aliuliza lile swali lake lililowachosha watu. Saba-moja ipi?

Kwanza akafuata namba. Akashusha kidole kwenye safu ya tatu ya mwaka ule. Mwezi wa tatu, Chiriku, 40. Waliofuata, 45, 51, 57, zinapanda polepole mwezi baada ya mwezi, mia, mia na thelathini, mpaka mwezi wa sita: 186, 190, na tarehe ishirini na nane, 194. Kisha anayefuata, tarehe tatu mwezi wa saba: 61. Halafu 63. Namba zilikuwa zinapanda ngazi, ghafla zikaporomoka.

Akatoa kikokotoo. Futi moja ni mita sifuri nukta tatu sifuri nne nane. Mia na tisini na nne mara hiyo: hamsini na tisa na kidogo. Na anayefuata yuko mita sitini na moja. Hazikuporomoka kamwe. Makaburi yalikuwa yanaendelea kwa mstari, jirani na jirani. Kilichobadilika ni kipimo, na kilibadilika mwanzoni mwa mwezi wa saba. Yule wa mia na tisini alikuwa ndani ya ukuta, mita hamsini na nane, hana haja ya nukta ya Mhandisi.

Bado hakuridhika. Akamtafuta mwenye wino wa kijani.

"Huyo alikuwa msimamizi mgeni," mtunza nyaraka alisema, akibadilisha miwani. "Alikaa mwaka mmoja. Mwisho wa daftari utaona alivyotia sahihi ukaguzi."

Ukurasa wa mwisho, wino ule ule, mwandiko ule ule uliolala: *Nimekagua, 11/23.*

Mama Ipi aliketi chini. Hakuna mwezi wa ishirini na tatu duniani. Mtu yule alianza na mwezi, ndipo akaja siku. Basi 7/1 yake ilikuwa mwezi wa saba, tarehe mosi. Karani alikuwa akiandika kwa kawaida yake, bosi wake kwa kawaida yake, kwenye daftari moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kwa hiyo mwezi wa tatu ulikuwa bado mwezi wa futi. Chiriku alizikwa futi arobaini. Na mwezi wa nane, mama yake alipokuja akiwa na mshono tumboni, karani alikuwa ameshapewa tepu ya mita. Akasoma arobaini, akavuta arobaini.

Sasa arobaini mara sifuri nukta tatu sifuri nne nane. Vidole vilijua jibu kabla ya kikokotoo. Kumi na mbili nukta moja tisa.

Nywele zilimsimama, na mtunza nyaraka akamuuliza kama ni malaria.

Lilibaki swali moja, na ndilo aliloliogopa kuliko yote. Tuta lile refu lilikuwa la nani? Mita arobaini ni futi mia moja thelathini na moja. Akashusha kidole. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tano, safu ya 3, 131: *Mwanamume, mtu mzima. Ameokotwa kando ya reli. Jina halijulikani.* Kwenye nafasi ya ndugu, karani alikuwa amechora mstari.

Mhandisi alimsikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Mama Ipi hakumwambia habari za kigingi. Alimwonyesha daftari tu. 194, kisha 61. 7/1, kisha 11/23. Mhandisi alisoma, akasoma tena, akaketi.

"Ni wangapi wa nusu mwaka ile?"

"Waliodaiwa ni wawili. Mmoja wewe ulikuwa unampeleka kwenye nukta, mwingine tulikuwa tunampa mama wa watu jibaba zima badala ya mtoto wake."

"Alaa!" Mhandisi akashika kichwa. "Na huyo mtoto?"

"Jumamosi. Mashine."

Akasaini vibali vipya. Cha Chiriku Mama Ipi alikiandika kwa mkono wake: *mita kumi na mbili na sentimita kumi na tisa, yaani futi arobaini.* Tarehe aliandika kwa herufi zote.

Kumwambia mama yule ndiko kulikomshinda. Alimfuata nyumbani jioni hiyo. Cherehani ilikuwa dirishani, na gauni la mtu limeachwa chini ya sindano. Alieleza futi, akaeleza mita, akaeleza tarehe. Mama Chiriku alisikiliza bila kupepesa.

"Miaka thelathini na moja," alisema mwisho. Sauti yake ilikuwa ndogo, kisha ikapanda. "Thelathini na moja! Nimemwambia nani siri zangu? Nimemlilia nani? Mwanangu amekaa pale kwenye majani, ninapita pembeni yake kila mwaka nikienda kumsalimu mtu nisiyemjua, nampita kama jiwe! Na nyie wenye madaftari, mlikuwa wapi?"

Mama Ipi alilia naye. Na baada ya kilio, yule mama alipeleka mkono mdomoni ghafla.

"Kikombe," alinong'ona.

Mama Ipi aliitikia kwa kichwa. Kutoka mita arobaini hadi kumi na mbili na ushee ni mita ishirini na nane kasoro. Kwa hatua fupi za mama mshonaji, arobaini na moja.

Kuna mambo ukiyatamka ndani ya nyumba hulali.

Alhamisi walifungua. Asubuhi ile kigingi kilikuwa kwenye kumi na mbili na sentimita kumi na tisa, alipokigongomea Mama Ipi mwenyewe jioni ya Jumatano kabla ya kwenda kwa mama yule. Kwa mara ya kwanza wiki ile, hakikuwa kimesogea hata unywele. Wachimbaji walichimba taratibu. Kwenye futi ya nne, aliyekuwa ndani alitua koleo, akaendelea kwa mikono. Mifupa ilikuwa midogo sana, imekunjwa ubavu, kama mtoto aliyechoka kuongea akapitiwa. Penye kiganja palikuwa na kitu cha duara, kimekula kutu, chenye tundu katikati.

Mama Chiriku alipiga magoti. Aliichukua bobini, akaipangusa kwa kanga, akajaribu kuizungusha kwenye ubao wa jeneza dogo jipya. Ilizunguka mara moja na nusu, ikaanguka.

"Haya, baba," alisema. "Cheza. Leo sikuchapi."

Wachimbaji walivua kofia. Mlinzi, yule mkali, alikwenda kusimama nyuma ya mti wa langoni ili asionekane.

Mabaki yalipofunikwa, Mama Ipi alidhani mambo yameisha. Lakini yule mama aliinuka, akatembea hatua zake arobaini na moja hadi kwenye tuta refu, akasimama akitazama mawe yake aliyoyapanga nusu.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Hana aliyemdai, mama. Jumamosi. Kaburi la pamoja."

"Naye ni nani?"

"Daftari halijui. Aliokotwa kando ya reli."

Upepo ulipita kwenye majani, ukaacha. Kisha Mama Chiriku aliinama, akaanza kupanga mawe kwenye ile nusu nyingine ambayo hakuwahi kuigusa, moja baada ya moja, bila haraka.

"Nipe fomu nyingine," alisema.

"Mama, fomu inauliza uhusiano. Mhandisi ataniuliza."

"Mtu huyu hakuwa na mtu hata wa kumtajia jina. Kila mwaka analetewa kikombe cha maziwa na maneno matamu ya mama. Angeyanywa, nani angejua? Lakini hakuyanywa. Aliinuka na mzigo usio wake akaupeleka kwa mwenyewe, mwaka hadi mwaka, bila kumwaga. Ndugu zangu wa damu hawajanifanyia hivyo." Akafuta mikono yenye udongo. "Andika mjomba. Mtoto hapelekewi maziwa na mtu baki."

Mama Ipi alitoa kalamu. Kwenye nafasi ambapo karani wa zamani alichora mstari, yeye aliandika *mjomba*, na safari hii hakuuliza yupi. Alivuka barabara na fomu mkononi, akamsimamia Mhandisi mpaka akatia sahihi.

Ijumaa mchana walikuwa makaburi mapya, kwenye udongo mwekundu usio na hata jani. Majeneza mawili yalishushwa, dogo na kubwa. Mama Ipi alikuwa ameshapima mashimo na kuyaandika kwenye daftari jipya, namba na kipimo chake pembeni kwa herufi, asije mtu baada ya miaka thelathini akabahatisha. Watu walipoanza kutawanyika, Mama Chiriku alimvuta mkono. Kikombe cha bati kilikuwa mkononi mwake, kimejaa mpaka ukingoni.

"Kutoka kwa huyu hadi kwa mwanangu, ni umbali gani?"

"Moja, mama."

"Moja ipi?" aliuliza yule mama, akimtazama sana machoni.

"Mita moja. Hatua moja na nusu zako."

Mama Chiriku aliinama, akaweka kikombe juu ya kaburi kubwa.

"Afadhali," alisema. "Asitembee sana. Amechoka."